Vizuizi vya protiazi: kuvunja seli bila kupoteza kimeng'enya

Protiazi ni vimeng'enya vinavyokata protini nyingine. Kila seli inazo na inazihitaji, maana ndizo zinazoondoa protini zilizochakaa. Seli ikiwa hai, protiazi kali hufungiwa mahali pake: kwenye seli za wanyama nyingi hukaa ndani ya lisosomu, na kwenye hamira hukaa ndani ya vakuoli. Siku unapovunja seli ili utoe kimeng'enya unachokitafuta, vifuko hivyo navyo hupasuka, na dakika hiyohiyo protiazi zinachanganyika na kimeng'enya chako kwenye tyubu moja. Kizuizi cha protiazi ni kemikali unayoitia kwenye bafa ya kuvunjia seli ili inase sehemu ya protiazi inayokata, isiweze kufanya kazi.

Tuchukue hamira ya mkate na kimeng'enya chake cha heksokinesi, kile kinachoipa glukosi fosfati kutoka kwenye ATP. Ni mfano mzuri kwa sababu hamira inajulikana kwa wingi wa protiazi. Zinazosumbua zaidi ni tatu: protinasi A, protinasi B na kaboksipeptidasi Y. Protinasi A hukata kwa kutumia asidi ya amino iitwayo aspati, hizo mbili nyingine hutumia serini. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua ununue kizuizi gani. Pepstatini A huzuia zile za aspati na haigusi za serini. PMSF hujibandika moja kwa moja kwenye serini ya protiazi na haibanduki, lakini protinasi A haiidhuru. Kwa hiyo hamira inadai zote mbili. Mtu akitia PMSF peke yake akadhani amemaliza, ameacha protinasi A inatafuna protini zake.

Kazi huanza hata kabla ya kuvunja. Hamira iliyokaa muda mrefu kwenye chakula kilichokwisha hujaza protiazi kwenye vakuoli, hivyo ni bora kuvuna seli zikiwa bado zinakua kwa kasi. Osha seli kwa maji baridi, kisha ziweke kwenye bafa ya Tris ya milimola 50 yenye pH 7.5 na EDTA ya milimola 1. Tuseme umetayarisha mililita 10. Utatia mikrolita 100 za PMSF kutoka kwenye akiba ya milimola 100, upate milimola 1, na mikrolita 10 za pepstatini kutoka kwenye akiba ya milimola 1, upate mikromola 1.

Hapa kwenye PMSF inafaa tukae kidogo, maana ndipo wengi wanapokwama. Haiyeyuki vizuri kwenye maji, ndiyo maana akiba yake huwekwa kwenye isopropanoli isiyo na maji. Ukiidondosha kwenye bafa baridi bila kukoroga, utaona chembe nyeupe zikielea, na PMSF iliyoganda hivyo haizuii chochote. Tatizo la pili ni kwamba maji yenyewe huiharibu. Kwenye pH 7.5 na nyuzi 25, nusu yake hupotea ndani ya saa moja hivi, na kwenye pH 8 hupotea upesi zaidi. Bafa uliyoitia PMSF jana, leo ni bafa tupu. Itie dakika ya mwisho, seli zikiwa tayari mkononi, na kama usafishaji wa kimeng'enya utachukua saa kadhaa, ongeza tena katikati. Ni sumu, kwa hiyo glavu ni lazima, na poda yake ipimwe ndani ya kabati la kuvuta hewa.

Ukuta wa hamira ni mgumu, sabuni pekee haiufungui. Watu hutumia shanga za kioo za nusu milimita: unatia shanga kiasi kinacholingana na seli, unatikisa kwa nguvu nusu dakika, unarudisha tyubu kwenye barafu dakika nzima, halafu unarudia mara tano hadi nane. Yale mapumziko kwenye barafu ni ya lazima, kwa sababu shanga zinapogongana hutoa joto, na joto huzipa protiazi kasi na pia huharibu heksokinesi yenyewe. Angalia tone dogo kwenye hadubini. Seli zilizovunjika huonekana kama vivuli hafifu, zilizo nzima bado zinang'aa. Kisha zungusha kwenye sentrifuji yenye nyuzi 4 kwa dakika 15, uchukue maji ya juu.

Utajuaje kama vizuizi vimefanya kazi? Gawa seli mafungu mawili, moja lipate vizuizi na jingine lisipate, ukapime yote mawili mara moja na tena baada ya saa mbili. Heksokinesi hupimwa kwa kuunganisha zao lake na kimeng'enya cha pili kinachotengeneza NADPH, ambayo husomwa kwenye spektrofotomita kwa nanomita 340. Chukua mfano huu: mikrolita 10 za maji yako ndani ya mililita 1 ya kipimo zinapandisha usomaji kwa 0.311 kila dakika. Gawa kwa 6.22, ambacho ndicho kiasi usomaji unachopanda kwa kila milimola 1 ya NADPH, unapata mikromoli 0.05 kwa dakika kutoka kwenye hizo mikrolita 10. Yuniti moja ni mikromoli moja kwa dakika, kwa hiyo una yuniti 5 kwa kila mililita ya maji yako. Baada ya saa mbili usomaji ukipanda kwa 0.187 tu, zimebaki yuniti 3, umepoteza asilimia 40. Kama fungu lenye vizuizi limebaki kwenye 5, mkosaji ni protiazi. Kama yote mawili yameshuka sawasawa, usikimbilie kuongeza vizuizi. Tafuta joto, povu au kuoksidika.

Lakini kipimo cha kasi peke yake kinaweza kudanganya, na heksokinesi ya hamira ndiyo iliyowafundisha wanabiokemia jambo hilo. Katika usafishaji wa zamani wa kimeng'enya hiki, protiazi za hamira zilikata kipande kidogo, asidi za amino zipatazo 11, mwanzoni mwa mnyororo. Kimeng'enya kiliendelea kufanya kazi, ila hakikuweza tena kushikamana vizuri wawiliwawili kama kawaida yake. Aina hizo zilizokatwa zikasomwa kana kwamba ni za asili, hadi ilipobainika kuwa seli zikivunjwa kukiwa na PMSF hupatikana aina nyingine, nzima. Kwa anayetaka kujua umbo la kimeng'enya, kuona kwamba bado kinafanya kazi hakutoshi.

Kuhusu ile EDTA: hunasa metali, hivyo huzima protiazi zinazotegemea metali. Heksokinesi nayo inahitaji magnesiamu, lakini mikrolita 10 zikiingia kwenye mililita 1 EDTA hubaki milimola 0.01, wakati kipimo kina magnesiamu milimola 10, kwa hiyo haina athari. Fosfatasi ya alkali ni habari nyingine kabisa. Yenyewe imebeba zinki ndani ya mwili wake, na EDTA ikiing'oa kimeng'enya hufa hata kama hakuna protiazi iliyokigusa. Vilevile esterasi nyingi hutumia serini, na PMSF inaweza kuzibandika kama inavyobandika protiazi. Kwa vimeng'enya vya namna hiyo, nunua mchanganyiko wa vizuizi ambao lebo yake inasema hauna EDTA, au uache PMSF utumie kizuizi kingine, na kwanza upime kimeng'enya safi pamoja na kizuizi hicho kabla hujavunja seli hata moja.