Homa haiponi kwa njaa

"Mama mkwe anasema mafua hulishwa, homa hunyimwa chakula. Mtoto wangu wa miaka minne ana joto la 39. Nimnyime uji?"

Usimnyime. Msemo huo ulitoka kwa Waingereza, enzi watu walipodhani chakula huchochea joto mwilini kama kuni jikoni. Kumbe kila joto likipanda nyuzi moja, mwili hutumia nguvu zaidi kwa takriban asilimia 10. Kutoka 37 hadi 39, mwanao anachoma karibu moja ya tano zaidi, hata akiwa amelala tu kwenye kochi.

Lakini usimshike pua umlishe. Hamu ya kula hupotea kwa homa, na siku mbili za kula kidogo hazimwangushi mtoto aliyekuwa na afya. Kinachomwangusha haraka ni kukauka maji. Mpe uji mwepesi wa wimbi, nusu kikombe kila saa moja hivi, na supu au ndizi mbivu akiitaka. Akitapika, ngoja dakika 10, kisha anza upya kijiko kimoja kimoja.

Tazama mkojo. Ukiwa kama chai ya rangi, ongeza vinywaji. Asipokojoa kwa saa nane, akilegea au akikataa kunywa kabisa, mpeleke hospitali, hata usiku. Na kama mmerudi Nairobi majuzi kutoka Kisumu au Busia, apimwe malaria leo. Uji hauitibu hiyo.