DNS ya PS4: kinachopona ukiibadilisha na kisichopona

Kwa wachezaji wa gemu wa Kampala, PS4 ikigoma kuingia kwenye akaunti dawa huwa ni moja tu: "Weka 8.8.8.8," yaani DNS ya Google. Kuna siku dawa hiyo inaponya kweli, na ndiyo maana watu wameanza kuitumia hata kwa magonjwa yasiyoihusu.

Wanasema: ukibadilisha DNS, intaneti inapata kasi.

Kazi ya seva ya DNS ni kuambiwa jina na kurudisha anwani ya namba. PS4 ikishapata anwani, inazungumza moja kwa moja na seva ya gemu, na DNS haimo tena safarini. Kwa hiyo ping ya mechi haipungui. Njia kutoka Kampala kwenda pwani ya Kenya au Tanzania, kisha baharini hadi seva ilipo, ni ileile uweke DNS ya nani.

Kinachobadilika ni ule mwanzo. Kufungua Store hakuhitaji jina moja. Kuna la akaunti, la bei, la picha na mengine. DNS ikiwa mgonjwa, kila jina linasubiri. Mifumo mingi ya ukoo wa Unix husubiri sekunde 5 kabla ya kuuliza tena, kwa hiyo majina sita yakikosa jibu mara moja moja, moja baada ya jingine, nusu dakika imeisha na kiduara bado kinazunguka. Dalili yake ndiyo hiyo: kuingia kunachelewa, Store inafunguka nusu na picha tupu, lakini ukishaingia, gemu linakwenda vizuri tu. Kama gemu lenyewe linakwama katikati ya mechi, tafuta tatizo kwingine.

Wanasema: DNS ya nje ni bora kuliko ya mtandao wako, siku zote.

Hapa ndipo wengi huumia bila kujua. Mafaili makubwa ya gemu hayakai mahali pamoja. Nakala zake zimesambazwa kwenye seva za akiba sehemu nyingi duniani. Mara nyingi mwenye mafaili hukuchagulia seva kwa kuangalia ni DNS gani iliyouliza. DNS ya mtandao wako ikiuliza, anajua uko Uganda, na kama mtandao huo una seva ya akiba karibu, utaelekezwa huko. DNS ya nje ikiuliza, huenda ukaelekezwa Ulaya. 8.8.8.8 hupunguza kosa hili kwa kupeleka kipande cha anwani yako kwa wenye majina wanaokikubali, lakini 1.1.1.1 ya Cloudflare haikipeleki, kwa sababu ya faragha. Ndiyo maana mtu anaweza kufurahia kuingia haraka, halafu akashangaa gemu la GB 50 linashuka polepole kuliko jana. Ukitaka kuhakikisha, pakua gemu lilelile kwa dakika 10 kwa kila DNS, saa zilezile za siku. Kulinganisha saa 2 usiku na saa 10 alfajiri hakukuambii chochote kuhusu DNS.

Wanasema: hakuna haja ya kupima, badilisha tu.

Pima; ni dakika mbili. Tuchukue PS4 iliyounganishwa na ruta ya 4G yenye anwani 192.168.1.1. Kuingia kunachukua karibu dakika nzima, na simu kwenye ruta hiyohiyo nayo inasitasita kila ukifungua tovuti mpya. Kwenye PS4 nenda Settings > Network > Test Internet Connection. Ukiona Obtain IP Address imefaulu, kisha Internet Connection ikashindwa na namba NW-31253-4, hilo ni kosa la DNS. Kosa linalokuja na kuondoka huenda lisitokee wakati wa kipimo, kwa hiyo chukua laptopu ya Windows, iunganishe na ruta hiyohiyo, uandike:

```
nslookup store.playstation.com 192.168.1.1
nslookup store.playstation.com 8.8.8.8
```

Amri ya kwanza inauliza ruta, ya pili inaipita. Rudia kila moja mara tano. Ya kwanza ikitoa `DNS request timed out` mara mbili au tatu huku ya pili ikijibu kila mara, mgonjwa umempata: ni ruta, au DNS ambayo ruta inaitegemea. Zima ruta, subiri nusu dakika, iwashe, upime tena. Ruta ndogo zikikaa siku nyingi bila kuzimwa huwa zinachoka kupokea maswali, na kuna watu waliobadilisha DNS na kuwasha ruta upya kwa pamoja, kisha sifa yote ikaenda kwa DNS.

Zote mbili zikikwama, mara nyingi tatizo ni mawimbi au bando limeisha, na hapo DNS haina la kufanya.

Kama ni ruta kweli na kuiwasha upya hakujasaidia, hapo badilisha. Settings > Network > Set Up Internet Connection > Use Wi-Fi > Custom, uchague Wi-Fi yako. IP Address Settings iache Automatic, DHCP Host Name weka Do Not Specify. Kwenye DNS Settings chagua Manual: Primary DNS 8.8.8.8, Secondary DNS 8.8.4.4. MTU Settings iache Automatic, Proxy Server weka Do Not Use. Kisha zima PS4 kabisa, si Rest Mode, ili majibu ya zamani yasibaki kwenye kumbukumbu.

Wanasema: weka ya mtandao wako ya kwanza na ya Google ya pili, moja ikikosea nyingine itasahihisha.

Ya pili huulizwa ile ya kwanza inaponyamaza. Ya kwanza ikijibu "jina hilo halipo", hilo tayari ni jibu, hata kama ni la uongo, na ya pili haiulizwi. Ndiyo sababu mchanganyiko huo huleta hitilafu za leo inafanya, kesho haifanyi. Weka mbili za mwenye mmoja.

Wanasema: kuna DNS za kufungua Store ya nchi nyingine.

Store hufuata nchi iliyoandikwa kwenye akaunti siku ilipofunguliwa. Akaunti ya Afrika Kusini itaonyesha randi hata ukiwa Mbarara na DNS yoyote ile. Kadi ya malipo ikikataliwa kwa sababu ya nchi, hilo nalo si la DNS. Na zile namba zinazotangazwa kwenye video kuwa "DNS ya kasi 2x" ziache. Mwenye seva hiyo anaona kila jina unaloliuliza na anaweza kukupa anwani anayoitaka yeye.

Kuna hali moja ya mwisho: umeandika 8.8.8.8 sawasawa, na hakuna kilichobadilika hata chembe. PS4 huuliza DNS waziwazi kupitia mlango wa 53, na ruta au mtandao unaweza kulidaka swali hilo njiani na kulijibu wenyewe. Liulize kwenye anwani ambayo haina seva yoyote, kwani 192.0.2.1 imetengwa kwa mifano ya vitabuni tu:

```
nslookup example.com 192.0.2.1
```

Inatakiwa ikwame. Ikikupa jibu, kuna anayejibu kwa niaba, na namba utakazoandika kwenye PS4 hazifiki unakodhani. Jaribu PS4 kwa hotspot ya simu yenye laini ya kampuni nyingine. Ikiingia bila kusitasita, rudisha DNS kwenye Automatic na upeleke malalamiko kwa aliyekuuzia huduma, ukiwa na picha ya jibu hilo mkononi.