Kufuta akisi ya mpigapicha kwenye dirisha la duka: maana yake hasa

Ukipiga picha ya dirisha la duka mchana, kioo huleta picha mbili zilizolaliana: ya ndani ya duka na ya mtaa ulio nyuma yako. Kioo cha kawaida cha tabaka moja hurudisha takriban asilimia 8 ya mwanga unaokifikia moja kwa moja. Ni kidogo, lakini mtaa wenye jua unang'aa kuliko duka mara nyingi sana, hivyo asilimia 8 hiyo hutosha kutandaza utando wa mwanga juu ya vitu vilivyomo ndani.

Sasa wewe umesimama kati ya kioo na mtaa huo. Mwili wako unazuia mwanga wa nyuma, na kama jua haliangukii upande wako wa mbele, akisi yako hutokea kama umbo jeusi lenye kamera usoni. Wengi hulitazama kama doa lililowekwa juu ya picha. Kinyume chake ndicho kweli: hapo ndipo pasipo na utando, na ndiyo sababu bidhaa zinaonekana vizuri zaidi ndani ya umbo lako kuliko pembeni mwake. Kwa hiyo kuifuta akisi ya namna hii hakumaanishi kuondoa kitu. Kunamaanisha kurudisha mwanga uliouzuia.

Filta ya polaraiza, ile ya kupunguza akisi, haitakuokoa hapa. Hufanya kazi vizuri zaidi ukikitazama kioo kwa mshazari, nyuzi 56 hivi kutoka mstari unaokikabili kioo moja kwa moja kwa pembe mraba. Akisi yako mwenyewe huonekana pale tu unapokikabili kioo uso kwa uso, na huko filta haina lolote isipokuwa kukitia giza kila kitu sawasawa.

Tuseme kuna sanamu ya nguo iliyovaa koti jeusi na kola nyeupe, na ukingo wa umbo lako unalikata koti katikati. Pima rangi kwenye programu ya kuhariri, ambako 0 ni nyeusi kabisa na 255 ni nyeupe kabisa: koti ndani ya umbo lako ni 40, nje ya umbo ni 90. Kishawishi ni kuongeza 50 kila mahali. Koti litakaa sawa, ila kola iliyokuwa 200 itaruka hadi 250 na kuonekana kama imebandikwa. Namba za picha hazipandi sawasawa na mwanga halisi. Kiasi kilekile cha mwanga huinua sana sehemu nyeusi na kuigusa kidogo tu sehemu nyeupe. Fungua safu mpya, iweke kwenye hali ya `Screen`, inayong'arisha kilicho chini yake, kisha paka kijivu cha 59 ndani ya umbo. Koti litafika 90, na kola itasimama karibu na 213, ambako mwanga halisi ungeifikisha pia. Kama utando wa pembeni una ubuluu wa anga, kijivu chako nacho kiwe na ubuluu huo.

Kazi ngumu ni ukingo. Akisi yako haikai juu ya kioo. Kwa lenzi iko nyuma yake, umbali uleule ulio kati yako na kioo. Ukisimama mita 2 kutoka kwenye kioo, akisi iko mita 4 kutoka kwako, wakati sanamu ya nguo huenda iko mita 2 na nusu. Lenzi ikilenga sanamu, ukingo wa umbo lako unafifia, na brashi yako lazima ififie kwa upana uleule. Mstari mweusi ukibaki kuzunguka umbo, rangi imeishia kabla ya ukingo. Ukiwa mweupe, imevuka. Ipunguze picha iwe ndogo kwenye skrini kabla ya kuamua. Mzunguko ambao jicho halikuuona kwa karibu hujitokeza hapo mara moja.

Haya yote yanadhani kwamba nyuma yako palikuwa na anga tupu au ukuta wa rangi moja. Kama palikuwa na ghorofa yenye madirisha, itabidi uiendeleze ghorofa hiyo ndani ya umbo lako, na hapo umeacha kurudisha mwanga, umeanza kubuni. Mimi huiacha picha ya namna hiyo kama ilivyo. Shati jeupe lililopigwa na jua ni tatizo jingine: hilo limeongeza mwanga badala ya kuuzuia, kwa hiyo hupunguzwa, na likishafika 255 hakuna kilichobaki chini yake cha kurudisha.

Angalia pia chini ya dirisha. Kivuli chako kikiwa bado kimelala kwenye lami kuelekea kioo, mtazamaji atajiuliza mwenye kivuli yuko wapi. Na kama picha inakwenda kwenye habari au shindano la World Press Photo, usiiguse akisi kabisa. Kanuni za huko haziruhusu kuongeza wala kuondoa kilichomo kwenye picha, hata kama kilichomo ni wewe.