Jua ni la bure, uniti si ya bure: maelezo ya mwenyekiti kwa majirani kuhusu mtambo wa pamoja wa sola

Wazee wangu, mama zangu, ndugu majirani. Mzee mmoja alinisimamisha njiani akaniuliza: "Mwenyekiti, jua halina mwenyewe, sasa sisi mnatutoza nini?" Swali lake ni la haki, na kamati haijawahi kulijibu vizuri. Leo nitalijibu kwa hesabu, polepole, na asiyeelewa anikatishe.

Tuanze na neno uniti, maana ndilo mnalolipia. Uniti moja ni kilowati moja iliyotumika kwa saa moja. Pasi ya wati 1,000 ikiwaka saa nzima imekula uniti moja. Taa ya wati 10 huifikia uniti hiyohiyo baada ya saa 100. Kwa hiyo kilowati inakuambia kifaa kinavuta kwa nguvu kiasi gani sasa hivi, na uniti inakuambia kimekula kiasi gani mpaka kilipozimwa. Ukiyachanganya haya mawili, bili itaonekana kama uonevu.

Mtambo wetu umeandikwa kilowati 10. Hizo ni kilowati za paneli zote zikipigwa na jua kali la moja kwa moja, zikiwa za baridi na safi. Jua la namna hiyo halidumu kutwa. Ukikusanya jua hafifu la asubuhi, la mchana na la jioni, siku nzuri inakupa jua kamili la kama saa 5 tu. Mara 10, ni uniti 50. Lakini kwenye mita haziingii 50. Wengi hudhani siku ya joto kali ndiyo yenye umeme mwingi, kumbe paneli hupenda mwanga, si joto. Ikipanda kupita nyuzi 25 hupoteza kama asilimia 0.4 kwa kila nyuzi moja. Ikifika 60, kama inavyokuwa juu ya bati saa 7 mchana, asilimia 14 imeshakwenda. Ongeza vumbi, nyaya, inveta inayougeuza umeme wa paneli uwe wa kutumika nyumbani, na kile kinachopotea umeme unapoingia na kutoka kwenye betri. Kati ya 50 tunabaki na takriban 37. Siku ya wingu zito tunaweza kupata robo ya hizo, au pungufu.

Sasa kwenye 37 hizo, sisi kaya 60 tunatumia 27: uniti 12 mchana na 15 usiku. Zile 10 zinazobaki hazihifadhiwi popote. Betri ikishajaa, mtambo unazipunguza paneli zenyewe, na jua la saa 8 mchana linapita bila mnunuzi. Naomba mlikumbuke hili, nitalirudia.

Tuje kwenye gharama. Sitataja fedha kwanza, maana tarakimu kubwa hutisha watu wakaacha kusikiliza. Chukueni gharama yote ya mtambo kama mafungu 100. Paneli zilichukua mafungu 20, betri 30, inveta 15, nguzo na nyaya na mita 25, ufundi na usafiri 10. Kila kimoja kina umri wake. Paneli, nguzo na kazi ya ufundi tumezihesabia miaka 20. Betri zetu za lithiamu na inveta tumezihesabia miaka 10. Basi kila mwaka paneli zinachakaa kwa fungu 1, betri kwa mafungu 3, inveta 1.5, nguzo na wenzake 1.25, ufundi 0.5. Jumla ni 7.25. Weka na 3.75 za mlinzi, fundi wa zamu na matengenezo madogo, unapata mafungu 11 kwa mwaka.

Uniti 27 kwa siku ni uniti 9,855 kwa mwaka. Gawa mafungu 11 kwa 9,855: hiyo ndiyo gharama ya uniti yako. Humo ndani hakuna jua hata kidogo. Unalipia kuchakaa kwa vifaa, na watu wanaovitunza.

Najua mtu atasema mtambo tulipewa kama msaada, kwa hiyo 7.25 zile hazituhusu. Hapo ndipo mitambo mingi ya vijiji huanguka. Bei hupangwa itoshe kumlipa mlinzi tu, na kila mtu anafurahi. Betri inapokufa, hakuna akiba ya kununua nyingine, na aliyeleta msaada ameshaondoka. Msaada ulitununulia betri ya kwanza. Ya pili ni yetu.

Betri haifi ghafla pia. Inatuaga mapema, kama kuna mtu anayeandika. Mtambo hukata umeme wenyewe betri ikishuka sana, ili kuilinda. Ikiwa matumizi ya usiku hayajaongezeka na siku zilikuwa za jua, lakini saa ya kukata inarudi nyuma, leo saa 10 alfajiri, baada ya miezi kadhaa saa 7 usiku, halafu saa 5, basi uwezo wake unapungua. Ndiyo maana nasisitiza daftari lijazwe kila asubuhi. Vilevile tunalinganisha mita kubwa ya mtambo na jumla ya mita za nyumba. Tofauti ndogo ni ya nyaya. Ikianza kukua mwezi hadi mwezi, kuna waya unaovuja, mita mbovu, au mtu amejiunganishia.

Dada mmoja alilalamika kwamba kamati inapendekeza uniti ya usiku iwe ghali. Dada yangu, sikiliza hesabu yako. Uniti ya mchana inatoka kwenye paneli moja kwa moja hadi nyumbani. Ya usiku lazima ipite kwenye betri, na kila kujaa na kuisha kunaula umri wa betri. Tukizibebesha uniti za usiku pekee yale mafungu 3 ya betri, na mengine 8 yakagawanywa kwa zote, uniti ya usiku inagharimu kama mara 1.7 ya ile ya mchana. Hatukuibuni bei hiyo kwa kuwakomoa.

Na hapa narudi kwenye zile uniti 10 zinazopotea. Pampu ya maji ya kilowati 1.5 ikifanya kazi saa 4, kuanzia saa 5 asubuhi hadi saa 9 alasiri, inatumia uniti 6 ambazo leo hazina mnunuzi. Mafungu yanabaki 11 yaleyale, lakini tunayagawa kwa uniti 33 kwa siku badala ya 27. Gharama ya kila uniti inashuka kwa karibu asilimia 18, kwa nyumba zote, hata isiyo na bomba.

Vijana wameomba mashine ya kusaga pia. Siikatai, ila inveta yetu ni ya kilowati 8, na mota ya mashine inapoanza kuzunguka huvuta mara kadhaa ya nguvu yake ya kawaida. Bila kifaa cha kuianzisha polepole itatuzimia kijiji kizima kila asubuhi. Kwa hiyo pampu kwanza. Mashine tutaijadili tukiwa na bei ya kifaa hicho mkononi.

Daftari liko hapa mezani, na kikokotoo kipo. Anayetaka kurudia hesabu yoyote aje sasa, kisha tupige kura ya pampu.