Je, wajua sinki la choo lisilo na ukingo hurusha maji kwa sababu gani?

"Muuzaji wa vifaa vya ujenzi ananishauri ninunue sinki la choo lisilo na ukingo wa ndani. Anasema linasafishika kirahisi na halirushi maji. Je, ni kweli?"

La kwanza ni kweli kwa sehemu kubwa. La pili si sifa ya umbo la sinki lenyewe, kwa maana umbo hilo limeondoa kitu kilichokuwa kikiyazuia maji yasiruke. Lisiporusha, ni kwa sababu maji yanayoingia yamepimwa sawasawa na sinki limekaa mahali pake ipasavyo.

Tuanze na ule ukingo wa zamani. Katika choo cha kukaa cha kawaida, mdomo wa kauri umekunjwa kuelekea ndani na chini, ukafanya mfereji uliofichika unaozunguka sinki lote. Ukivuta maji, huingia kwanza katika mfereji huo, kisha hutoka kwa vitundu vilivyopangwa upande wake wa chini, au, katika masinki ambayo mfereji umeachwa wazi, humwagika kama pazia. Mkunjo huo hufanya kazi mbili kwa pamoja: huyapunguzia maji kasi na huyageuza yaelekee chini. Hata tone likiruka kutoka ukutani, hugonga sehemu ya chini ya mkunjo na kurudi ndani.

Shida yake ni kwamba upande huo wa chini hauonekani isipokuwa kwa kuinama au kwa kutumia kioo, na brashi haiufikii vizuri. Matone ya haja ndogo hukauka hapo, na uchafu laini wenye vijidudu hujishika. Mahali penye maji magumu, kama Unguja ambako sehemu kubwa ya maji ya visima hupita katika mwamba wa matumbawe, magadi ya chokaa hujengeka juu ya uchafu huo na kuvifunga vile vitundu kimoja kimoja. Ndipo unapoona choo kinachosafishwa kila siku kikiendelea kunuka, na upande mmoja wa sinki ukibaki mkavu kila maji yanapovutwa.

Sinki jipya halina mkunjo huo. Maji huingia kwa nyuma, hukutana na kigawanyi, yaani kipande cha kauri au plastiki kinachoyapasua katika mikondo miwili, na kila mkondo hukimbia juu ya kijia chembamba ubavuni hadi mbele, huku maji yakiteremka njia nzima. Kitambaa chenye dawa hupita mdomoni kote kwa mzunguko mmoja, na unachokisafisha unakiona. Hilo ndilo dai la usafi ambalo ninalikubali bila kusita. Hata hivyo, nyuma ya kigawanyi pamebaki pembe isiyoonekana, ambako magadi hujikusanya kama zamani, na ule ukanda mwembamba ulio juu ya kijia haufikiwi na maji hata kidogo, kwa hiyo utausafisha kwa mkono. Muuzaji akiongeza kwamba kauri "inaua vijidudu", elewa kuwa anazungumzia rangi maalumu iliyopakwa na kuchomwa juu ya kauri, jambo ambalo halihusiani na kukosekana kwa ukingo.

Sasa kuhusu kurusha maji. Ile mikondo miwili ikifika mbele hugongana. Ikiwa ina nguvu sawa na ya kiasi, hukutana katikati na kutumbukia pamoja. Ikiwa na kasi kubwa mno, maji hupanda pale yanapogongana, na kwa kuwa hakuna mkunjo wa kuyarudisha, hupita kati ya kiti na kauri yakaingia sakafuni. Ikiwa mkondo mmoja una nguvu kuliko mwingine, hugongana pembeni, na maji huruka upande wa mkondo dhaifu.

Kiwango cha Ulaya cha masinki ya choo, EN 997, hulipima jambo hili pamoja na usafi. Unga wa mbao wa gramu 20 hunyunyizwa kwenye kuta za ndani, maji huvutwa, na kwa wastani eneo linalobaki bila kuoshwa halipaswi kuzidi sentimita 50 za mraba. Papo hapo, maji hayapaswi kuruka nje na kulowesha sakafu. Lakini majaribio hayo hufanywa sinki likiwa limelala sawa na likipewa kiasi cha maji kilichotajwa na mtengenezaji. Nyumbani masharti hayo mawili huvunjwa mara kwa mara.

Nilikutana na mfano wake Unguja, kwa ndugu yangu aliyekuwa akikuta sakafu imelowa mbele ya choo kipya, kidogo upande wa kushoto. Fundi alikuwa amekwisha kubadilisha mpira wa maungio akidhani panavuja. Tulitandaza karatasi kavu za chooni mdomoni na sakafuni, tukavuta maji, na matone yakaonekana mbele kushoto, ilhali nyuma kwenye maungio pakabaki pakavu. Halikuwa tatizo la kuvuja. Kisha tulifunga koki, tukaweka alama ya kimo cha maji ndani ya tangi, tukavuta, na kulijaza tena kwa jagi la lita moja hadi alama. Ziliingia lita 9, wakati maelezo ya sinki yalitaka 6. Tangi lilikuwa la zamani, limebakizwa ili kuokoa gharama.

Tulishusha boya hadi zikatoka lita 6. Matone yalipungua sana, lakini yalibakia machache, yote kushoto. Pimamaji iliyowekwa mdomoni kwa upana ilionyesha kuwa sinki limeinama upande huo. Lilipofunguliwa, likasawazishwa na kufungwa upya, karatasi zilitoka kavu.

Kwa tangi lililofichwa ukutani, mara nyingi kuna pete ya kubania kwenye mlango wa kutolea maji, nayo hupunguza kasi bila kupunguza kiasi. Usiibane kupita kiasi. Mkondo ukiwa mnyonge, maji hayafiki mbele na uchafu hubaki, hivyo kila unapopunguza jaribu kuvuta na vipande 12 vya karatasi, idadi ileile inayotumika katika majaribio ya EN 997, na utazame kama vyote vinaondoka. Sinki hili halifai kabisa kuunganishwa na tangi lililotundikwa juu karibu na dari, ambalo maji yake hushuka kwa kishindo, isipokuwa mtengenezaji amesema linafaa.

Yapo pia matone ambayo hayana uhusiano na uvutaji wa maji. Yanayokurukia ukiwa umekaa hutoka kwenye maji yaliyotuama chini, na hutegemea kina na eneo la maji hayo, kwa hiyo ukingo uwepo au usiwepo ni mamoja. Kwa wanaojitawaza kwa bomba dogo la kunyunyizia, tofauti ipo: maji yanayogonga kauri karibu na mdomo hayakuti tena mkunjo wa kuyarudisha. Elekeza bomba chini, katikati ya sinki, na fungua koki yake nusu.

Dukani, uliza sinki limeandikiwa lita ngapi, na ikiwezekana nunua tangi la seti hiyohiyo. Kisha fundi akimaliza kufunga, tandaza zile karatasi kavu na uvute maji yeye akiwapo, kabla hajapaka silikoni kuzunguka msingi wa sinki.