Swali la utotoni halitongozi peke yake

Nimechoka kuletewa simu nisome: "Bi mkubwa, nimemuuliza kumbukumbu yake tamu ya utotoni, kanijibu vizuri, mbona hatukufika popote?" Nikipandisha ujumbe juu naona kauliza, kajibiwa, kisha karukia rangi anayoipenda. Nani kawaambia swali lenyewe ni dawa?

Najua linakotoka. Mwaka 1997 mwanasaikolojia Arthur Aron na wenzake walichapisha jaribio lao la maswali 36 ya kuwasogeza karibu watu wawili wasiojuana, na moja linauliza kumbukumbu unayoithamini zaidi. Wanaolinakili wanasahau kwamba mle wote wawili walijibu, kwa zamu, na maswali yalikuwa yakizidi kuingia ndani kidogo kidogo. Ukiuliza tu bila kutoa chako, wewe ni karani wa sensa.

Halafu "unayoipenda kuliko zote" humgandisha mtu. Anza na dogo: "Pesa za sikukuu ulikuwa ukianzia kununua nini?"

Sasa hapa ndipo mnaponiudhi. Tuseme msichana wa Wete kakujibu: "Kuchambua karafuu usiku kwa bibi." Wengi wenu mtaandika "hehe, hata miye", kisha hadithi ndefu ya shamba la babu yenu. Umeshamnyang'anya jamvi lake! Karafuu si habari. Habari ni bibi. Muulize: "Bibi alikuwa akikukalisha wapi?" Atasema: "Ubavuni pake. Akinisifu nina mikono myepesi, na usingizi ukinichukua juu ya makonyo ananibeba ndani." Hapo ndipo utoe chako, kifupi, chenye uzito uleule: kwamba wewe ulikuwa ukijifanya umelala ili ubebwe, kama ni kweli. Akicheka, tania: "Namuonea wivu bibi." Kisha mlete leo: "Na siku hizi ukichoka, nani anakukalisha ubavuni?" Daraja ni hilo la mwisho, kutoka kwa bibi hadi kwenu nyinyi wawili. Likija mapema ni ufidhuli, likikosekana mtabaki mnasimuliana karafuu mpaka msimu ujao.

Akijibu "ya kawaida tu" au akabadilisha mazungumzo, usichimbe. Si kila nyumba ilikuwa na bibi wa kubeba. Zungumza ya leo, akitaka atarudi mwenyewe.

Nami nina shaka yangu. Jaribio la Aron lilipima hisia ya ukaribu baada ya kama dakika 45, si mapenzi. Mtu anaweza kung'ara usoni kwa sababu kamkumbuka bibi yake, wewe ukadhani kang'ara kwa ajili yako. Huwa natazama kama naye anauliza, na kama kesho anarudia kitu kidogo ulichomwambia. Hata hivyo watu wetu wana adabu, huuliza "na wewe je?" hata kwa muuza urojo. Kwa hiyo ukishavuka daraja, mwambie waziwazi: "Miye napenda kuzungumza nawe, na si kwa urafiki tu." Maana wapo waliokaa na bibi na karafuu mwaka mzima, wakaja kuletewa kadi ya harusi.