Kihisi kinaposogea nusu pikseli: yanayodhaniwa na yaliyo kweli

Baadhi ya kamera husogeza kihisi, yaani kile kipande kinachopokea mwanga, kwa kiasi kidogo mno kati ya picha na picha, kisha huziunganisha picha hizo kuwa moja yenye undani zaidi.

Dhana: kamera inaikuza tu picha ya kawaida, kama programu yoyote ya kompyuta.

Sivyo. Kila pikseli ya kihisi imefunikwa kichujio cha rangi moja. Katika kila kundi la pikseli nne, mbili zinapokea kijani, moja nyekundu na moja buluu. Kwa hiyo unapopiga picha moja, kila mahali panapimwa rangi moja tu, na mbili zilizobaki kamera inazikisia kwa kutazama pikseli za jirani. Kihisi kikisogezwa pikseli nzima kuzunguka mraba, picha moja katika kila kona, kila mahali panapimwa rangi zote tatu. Kukisia kunaisha.

Utaliona hilo kwenye kitambaa cha nyuzi nyembamba. Picha ya kawaida huweza kuchora mawimbi ya zambarau na kijani ambayo kitambaa chenyewe hakina. Baada ya mzunguko wa picha nne mawimbi hayo ya rangi huondoka. Kamera ya Pentax K-3 II ya mwaka 2015 iliishia hapo: idadi ya pikseli ilibaki ileile, ila kila moja ilibeba rangi iliyopimwa kweli. Kwangu mimi hiyo ndiyo faida kubwa kuliko zote, na ndiyo isiyotajwa sana.

Dhana: megapikseli 80 kutoka kihisi cha 20 ni undani mara nne.

Panasonic G9 inatoka pikseli 5184 kwa 3888 hadi 10368 kwa 7776. Kila upande umeongezeka mara mbili tu, kwa hiyo mstari mwembamba kabisa unaoweza kuonekana unapungua hadi nusu ya unene, tena ikiwa kila kitu kimekwenda sawa. Isitoshe, picha ni nane: nne za mzunguko, kisha kihisi kinasogea nusu pikseli kwa mshazari na kurudia nne nyingine. Sehemu zilizopimwa kweli ni mara mbili, si mara nne, na katikati yake panajazwa kwa hesabu. Olympus E-M5 Mark II, yenye kihisi cha megapikseli 16, hutoa faili la RAW la 64 lakini JPEG ya 40, na mimi naiamini zaidi ile 40.

Lenzi nayo ina kikomo chake. Ukifunga tundu hadi f/16, mwanga husambaa na kila nukta inakuwa duara la takriban maikromita 21, wakati pikseli ya kihisi hicho cha megapikseli 20 ina upana wa 3.3. Hapo utapata faili zito lenye ukungu uleule. Baki karibu na f/4 au f/5.6.

Dhana: ukishaweka kamera kwenye tripodi, umemaliza.

Hapa ndipo picha nyingi zinapoharibika, na zangu zimo. Nilikuwa napiga ramani ya zamani iliyochapwa, upana wa sentimita 60, kwa kihisi cha aina hiyo ya megapikseli 20. Katika picha ya kawaida kila pikseli ilibeba milimita 0.116 ya karatasi. Nusu yake ni milimita 0.058, takriban unene wa unywele. Kitu chochote kikisogea kiasi hicho kati ya picha ya kwanza na ya nane, hesabu nzima inavurugika.

Nilipoitazama kwa asilimia 100, majina ya vijiji upande wa kushoto yalisomeka safi kabisa. Upande wa kulia, kando ya kila mstari mweusi kulikuwa na vimiraba vidogo kama wavu. Hiyo ndiyo dalili yenyewe, na mahali inapojitokeza panakwambia kosa liko wapi. Wavu ukienea picha nzima, kamera ndiyo iliyotikisika. Ukiwa sehemu moja tu, kilichosogea ni kile unachokipiga. Kwangu ilikuwa feni, ikiipeperusha pembe ya karatasi isiyobanwa. Niliizima, nikabana pembe zote, nikaweka saa ya kuchelewesha ili mkono uwe umeshaiachia kamera, na nikasimama palepale hadi picha ya nane, kwa sababu sakafu ya mbao hutikisika hata kwa hatua moja.

Taa inayopepesa nayo huleta michirizi, maana kila picha inapata mwanga tofauti kidogo, hata kama macho hayaoni kitu.

Ukitaka kujua kama umepata undani wa kweli, piga picha moja ya kawaida papo hapo, ikuze hadi ukubwa uleule, kisha ziweke ubavu kwa ubavu. Kwenye ramani yangu herufi ndogo zilikuwa na mstari wa milimita 0.15: picha iliyokuzwa ilionyesha doa la kijivu, na ile ya picha nane ilionyesha tundu la ndani ya herufi "e".